Toni Iliyobaki Njiani: Barua Pepe kutoka Walikale hadi Goma

Sisi tunaosoma isimu ya lugha za Kiafrika tumezoea kuuliza swali moja kuhusu kila alama iliyo kwenye ukurasa: je, inabeba maana au ni pambo? Mkia mrefu wa herufi y katika mwandiko wa bibi yangu ni pambo. Kijistari kinachoonyesha toni juu katika lugha yenye toni si pambo, kwa sababu ukikiondoa neno linageuka kuwa neno jingine. Programu ya barua pepe nayo ina jibu lake kwa swali hilo, nalo halifanani na letu. Kwake yeye herufi ndiyo maandishi. Rangi, ukolevu wa wino, mstari wa chini, jedwali na picha ni mavazi. Barua inapopita mikononi mwa watu wawili watatu, mavazi huweza kuvuliwa. Mwaka huu jibu la programu na jibu langu viligongana juu ya orodha ya maneno ya Kinyanga, na tangu hapo nimesoma namna barua pepe inavyoundwa kwa bidii ileile ninayosomea fonolojia.

Tasnifu yangu inalinganisha toni za Kinyanga, kinachosemwa Walikale, na toni za Kihunde, kinachosemwa Masisi. Ni majirani, ingawa katika uainishaji wa Guthrie wamewekwa katika vikundi tofauti: Kinyanga ni D43 na Kihunde ni D51. Barabara inayotoka Goma inapita Sake, inafika Masisi, kisha inaendelea kuelekea Walikale. Lakini kila mtu wa Kivu Kaskazini anajua kwamba kuwapo kwa barabara kwenye ramani si sawa na kuweza kuipita. Kwa hiyo nategemea wenzangu walio kule. Mwalimu mmoja wa Walikale alikaa na mzee wa kijijini kwao siku kadhaa, akaandika maneno 120. Aliipeleka orodha hiyo kwa barua pepe kwa mwenzetu wa Masisi, Mhunde, ili aongeze safu ya Kihunde na kunisambazia mimi Goma.

Mwalimu alikuwa na utaratibu mzuri. Alipigia mstari kila silabi yenye toni juu, kama anavyofanya kwa chaki ubaoni. Nomino alizipaka rangi kufuatana na ngeli. Mwishoni alibandika picha ya ukurasa wa daftari lake, ambamo mzee alikuwa amesahihisha maneno machache kwa kalamu. Barua iliyonifikia mimi ilikuwa na maneno yote 120. Haikuwa na mstari hata mmoja wala rangi yoyote, na mahali pa ukurasa wa daftari palisomeka hivi tu: `[image: daftari.jpg]`. Nilipompigia simu, mwalimu alishangaa kwa haki kabisa. "Kaka, mimi nilituma vyote," alisema. "Hata sasa naviona hapa."

Ili msomaji asiyesikia Kinyanga aone ukubwa wa hasara, nitumie Kilingala, ambacho wengi wetu tunakijua walau kwa nyimbo. Kilingala kina *moto*, mtu, silabi zote mbili zikiwa chini. Kina *motó*, kichwa, chini kisha juu. Na kina *mɔ́tɔ*, moto wa kuwaka, juu kisha chini, tena kwa irabu iliyo wazi zaidi. Mtu akiandika maneno hayo matatu kwa herufi za kawaida tu, akaonyesha toni juu kwa mstari wa chini, kisha mistari ikafutika, anabaki na moto, moto na moto. Orodha yangu ilijaa jozi za aina hiyo. Maana ya Kiswahili ilikuwa pembeni, kwa hiyo nilijua lipi ni lipi. Toni yenyewe, iliyokuwa sababu ya kazi yote, haikuwapo.

Mwalimu aliona vyote na mimi sikuona kitu, na wote wawili tulikuwa tunasema kweli, kwa kuwa barua pepe moja inaweza kuwa na miili miwili. Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Barua pepe ya kale ilikuwa mfululizo wa herufi tu, tena herufi za seti iitwayo ASCII, yenye nafasi 128: alfabeti ya Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri chache za mashine. Hiyo ndiyo matini tupu. Haina fonti wala ukubwa wa herufi, na mtu anayeisoma huiona kwa fonti yoyote aliyoichagua mwenyewe. Mwezi Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni iitwayo MIME, iliyoruhusu barua moja kugawanywa katika sehemu, kila sehemu ikiwa na kibandiko kinachosema ni kitu cha aina gani. Kuanzia hapo barua iliweza kubeba picha, sauti, herufi za lugha nyingine, na pia matini pambwa, ambayo leo kwa kawaida huandikwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za mtandao.

Matini pambwa, ukiichungulia kwa ndani, nayo ni herufi tupu. Mstari wa chini haumo ndani ya herufi. Kuna amri inayosema "anza kupiga mstari hapa" na nyingine inayosema "acha hapa", na programu ya msomaji ndiyo inayotekeleza. Kwa kuwa si kila programu ilijua kutekeleza amri hizo, kanuni iliweka adabu nzuri: programu inayotuma iandike barua mara mbili, kwanza kwa matini tupu, kisha kwa matini pambwa, na inayopokea ionyeshe toleo la mwisho inaloliweza. Kwa neno la Kilingala la kichwa, barua ya mwalimu ingekuwa na umbo hili:

```
Content-Type: multipart/alternative; boundary="w1"

--w1
Content-Type: text/plain; charset="UTF-8"

moto   kichwa
--w1
Content-Type: text/html; charset="UTF-8"

mo<u>to</u>   kichwa
--w1--
```

Tazama toleo la kwanza. Mstari wa chini haumo, na hakuna aliyeufuta njiani: haukuingia tangu barua ilipoandikwa Walikale. Programu ilipotengeneza nakala yake ya matini tupu haikuwa na herufi ya kuwakilisha mstari wa chini, basi ikauacha. Programu nyingine huweka nyota pande mbili za maneno ya wino mzito, na mtu mwenye bahati akipata `mo*to*` anaweza kukisia kilichokuwapo. Mstari wa chini mara nyingi hauachi hata alama hiyo, na rangi haiachi chochote. Hivyo barua ya mwalimu ilitoka Walikale ikiwa na toleo lenye toni na toleo lisilo na toni, ndani ya bahasha moja. Yeye alikuwa anaangalia la kwanza. Mimi nikapokea la pili.

Uchaguzi ulifanyika Masisi. Simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, na kitufe kinasomeka `Transférer`. Neno hilo linatufanya tudhani kwamba barua inachukuliwa kama ilivyo na kupelekwa kwa mtu mwingine, kama mtu anayepokea bahasha na kuikabidhi bila kuifungua. Kwa kawaida sivyo. Programu inaandika barua mpya kabisa, yenye mtumaji mpya na tarehe mpya, na ndani yake inanakili maneno ya barua ya zamani chini ya mistari michache inayotaja nani alimwandikia nani. Kwa hiyo matokeo yanategemea barua mpya inaandikwa kwa namna gani. Ikiandikwa kwa matini pambwa, programu hujaribu kunakili na mapambo. Ikiandikwa kwa matini tupu, hakuna mahali pa kuyaweka. Programu huchukua lile toleo la kwanza, au huchukua la pili na kuzipangusa amri zote.

Kompyuta aliyoitumia mwenzetu, katika ofisi moja ya pale, ilikuwa imepangwa kuandika kwa matini tupu. Aliyeipanga hakuwa mjinga. Mega zinanunuliwa, mtandao unakatika, na barua ya matini tupu ni nyepesi mno: maneno 120 na maana zake hayafiki hata kilobaiti kumi, ilhali maandishi yaleyale yakinakiliwa kutoka programu ya kuandikia nyaraka huja na amri nyingi za fonti kuliko maneno yenyewe. Mwenzetu aliongeza safu yake ya Kihunde, akabonyeza, akaona barua imeondoka. Hakuna onyo lililomwambia kwamba toni zimebaki Masisi.

Picha nayo ilikuwa na safari yake. Picha iliyobandikwa katikati ya maandishi haimo ndani ya maandishi. Inasafiri kama sehemu ya peke yake yenye namba ya utambulisho iitwayo `Content-ID`, na matini pambwa ina amri inayoita namba hiyo:

```
<img src="cid:daftari1">
```

Amri hiyo ikipanguswa pamoja na mapambo mengine, hakuna tena anayeiita picha. Programu nyingine huibeba kama kiambatisho cha kawaida. Nyingine huiacha, na kinachosalia ni jina lake ndani ya mabano, kama nilivyolikuta. Tena picha huweza kupotea hata pale matini pambwa ilipobaki salama. Wakati mwingine amri huja lakini sehemu yenye picha haikunakiliwa, na msomaji huona kisanduku kitupu. Wakati mwingine picha haikuwahi kuwa ndani ya barua: amri inataja anwani ya mtandao inayoanza na `https://`, na kila anayefungua barua lazima aichukue kutoka huko. Aliye Goma mwenye mtandao mzuri anaiona. Aliye Walikale anayefungua barua iliyoshushwa asubuhi, mtandao ukiwa umeshakatika, haioni. Programu nyingi pia huzuia picha za namna hiyo mpaka msomaji akubali, kwa sababu kuichukua picha humjulisha mwenye anwani kwamba barua imefunguliwa.

Basi barua ikifika bila mavazi, mtu ajuaje kama yamefichwa au yamepotea? Ajibu kwa kusoma barua mbichi. Kwenye Gmail katika kompyuta amri hiyo inaitwa `Afficher l'original`. Ukiona sehemu yenye `text/html`, mapambo yamo, na programu yako ndiyo isiyoyaonyesha. Badilisha namna ya kuonyesha. Ukiona `text/plain` peke yake, hakuna unachoweza kufanya upande wako. Mapambo hayapo katika nakala yako, na dawa ni kurudi kwa aliyekutangulia. Kwa picha, tafuta `cid:` kisha tafuta sehemu yenye `Content-ID` hiyohiyo. Ukikosa sehemu hiyo, picha iliachwa njiani. Mimi nilikuta `text/plain` peke yake.

Dawa ilikuwapo kwa kuwa barua ya kwanza ilikuwa bado katika kisanduku cha mwenzetu wa Masisi. Nilimwomba asiisambaze kwa kunakili bali kama kiambatisho. Kwa njia hiyo barua ya zamani inafungwa nzima, na miili yake miwili na picha yake, kama faili lenye mwisho wa `.eml`, na programu haipati nafasi ya kuiandika upya. Huko ndiko kukabidhi bahasha bila kuifungua. Gharama yake ni uzito: picha za barua pepe huandikwa kwa herufi tupu ili zipite, na uandishi huo huongeza theluthi moja, hata picha ya megabaiti 3 ikawa 4. Ilimchukua jioni nzima mtandao utulie. Faili lilipofunguka niliona mistari ya mwalimu na mwandiko wa mzee.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mwanaisimu hawezi kuridhika na orodha ambayo usalama wake unategemea jinsi kompyuta ya kila mpokeaji ilivyopangwa. Tukumbuke tulikotoka. Utendi wa Mwindo, ambao Candi Rureke aliusimulia kwa Kinyanga mwaka 1956 na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, umetufikia kwa karatasi. Kwenye karatasi herufi, kijistari cha juu na mstari wa chini vyote ni wino. Anayepiga nakala ya ukurasa anavipata vyote au anavikosa vyote. Kwenye barua pepe kijistari cha juu na mstari wa chini ni vitu vya jamii mbili tofauti. Herufi *ó* ni herufi kamili katika Yunikodi, yenye namba yake, kama *o* au *k*. Hata *ɔ* ina namba yake, na kijistari kinachokaa juu yake kina namba yake pia. Vyote hivyo vinaingia katika matini tupu. Mstari wa chini tulioupiga sisi ni amri, na amri hutegemea hisani ya kila programu iliyo njiani.

Herufi nazo zina ajali zake, ila ni ajali za aina nyingine. Katika usimbaji wa UTF-8, *ó* huandikwa kwa baiti mbili, `C3 B3`. Programu ikizisoma kwa kanuni ya zamani, inayodhani kila baiti ni herufi moja, *motó* litaonekana `motÃ³`. Linatisha machoni lakini halijapotea. Ukimweleza msomaji kanuni sahihi, neno linarudi. Ukiona alama ya kuuliza badala ya herufi, yaani `mot?`, hapo kuna programu iliyoshindwa kuiandika ikaitupa, na hairudi. Kwa hiyo mimi nikiona takataka za kigeni kwenye orodha ninapumua. Nikiona maneno safi yasiyo na alama yoyote, ndipo ninaposhtuka.

Tulikubaliana sisi watatu utaratibu mpya. Kila neno linakaa kwenye mstari wake, na kati ya safu tunaweka alama `|`, kwa sababu safu zilizopangwa kwa nafasi au kwa jedwali huvurugika jedwali likipanguswa. Ngeli haionyeshwi kwa rangi bali kwa namba. Toni inaandikwa kwa kijistari juu ya irabu, ambacho kwenye simu hupatikana kwa kubonyeza herufi na kuishikilia. Na kwa kuwa *ɔ* yenye kijistari haipo kwenye simu nyingi, tunaiandika toni mara ya pili kwa herufi C na J, chini na juu:

```
moto | CC | 1 | mtu
motó | CJ | 3 | kichwa
mɔ́tɔ | JC | 3 | moto wa kuwaka
```

Safu ya pili haina uzuri wowote. Lakini ni ASCII, na inapita hata kwa ujumbe mfupi wa simu siku mtandao wa Walikale unapobaki na sauti na ujumbe tu. Pia inatusaidia kukagua: kijistari na herufi C na J zisipolingana, tunajua kuna kitu kimeguswa. Picha ya daftari sasa inaambatishwa kama faili lenye jina, haibandikwi katikati ya maandishi.

Mwalimu alipoandika upya orodha yake kwa utaratibu huu alikwama kwenye maneno saba. Kwa mstari wa chini alikuwa amepigia silabi mbili kwa mkupuo mmoja, na sasa kila silabi ilimtaka aamue peke yake kama toni ya pili ni juu kweli au inashuka kidogo. Alirudi kwa mzee na maneno hayo saba. Matano yamethibitishwa. Mawili mzee ameyasema kwa namna moja asubuhi na kwa namna nyingine jioni, na mwalimu ameyaandika yote mawili, kila namna kwenye mstari wake, pamoja na saa aliyoisikia.